Waniuliza Maana ya Wimbo, Maneno Yako Wapi?

Msomaji mpenzi, ukiniandikia kuuliza namna ya kuondoa doa la mchuzi kwenye shuka, utanitajia shuka ni ya rangi gani na doa lina siku ngapi. Ukiuliza kuhusu mtoto asiyekula, utasema ana umri gani. Lakini likija suala la wimbo, sijui huwa tunapatwa na nini. Barua inafika, au ujumbe wa simu, nayo ina mstari mmoja tu: "Mwandishi, nisaidie maana ya ule wimbo wa benga unaopigwa sana kwenye matatu za Bondo." Basi. Jina la mwimbaji halimo, na hakuna neno hata moja la wimbo wenyewe. Mwingine ataandika, "Nimetunga wimbo mtamu sana, niambie kama watu wataupenda." Nageuza karatasi nyuma, nikidhani labda maneno yameandikwa huko. Nyuma ni nyeupe pe!

Nilikuwa nikidhani ni uvivu. Siku hizi sidhani hivyo. Mwenye kuuliza anausikia wimbo kichwani mwake wakati uleule anapoandika. Gitaa linalia, mwimbaji anaita, naye ameshika kalamu akiwa katikati ya muziki huo. Kwake yeye wimbo umo ndani ya barua. Akifunga bahasha anaamini ameufunga pamoja na barua, kumbe umebaki naye nyumbani.

Kuna na jambo jingine. Wengi huona haya kuandika maneno wasiyoyaelewa. Mji wetu huu wa Kisumu una watu wa kila kabila, na nyimbo nyingi zinazotutikisa mabega ni za Kijaluo. Mtu asiyeijua lugha hiyo huogopa kuchekwa, kwa hiyo badala ya kuandika alichosikia, huandika anachodhani wimbo unazungumzia. "Ni wimbo wa kumsema mwanamke." "Ni wimbo wa huzuni." Hapo ndipo mambo huharibika, maana dhana ya mtu haiwezi kunirudisha kwenye wimbo. Alichosikia kinaweza, hata kama amekisikia vibaya kupindukia.

Hebu nikupe mfano. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye wazazi wake walihamia Kisumu kutoka Machakos, aliniandikia akiwa amekasirika. Alitaka kujua kwa nini mwimbaji anamwita mpenzi wake udongo. Alisema wimbo ni wa zamani, baba yake hupenda kuupiga Jumapili, na mwimbaji husema wazi kabisa, "Helena wangu dongo." Je, huku si kumrushia mwanamke wa watu dongo mbele ya kadamnasi?

Nilicheka, lakini nilimshukuru moyoni. Kwa maneno yale matatu nilijua papo hapo ni wimbo gani. Ni "Helena Wang'e Dongo" wa marehemu Okatch Biggy, aliyeongoza bendi ya Heka Heka na ambaye alifariki mwaka wa 1997. Sikio la Kiswahili lilikuwa limefanya kazi yake. Lilikutana na "wang'e" likasikia "wangu", kwa sababu "wangu" ni neno linalolijua. Lilikutana na "dongo" likaliacha lilivyo, kwa kuwa nasi tunalo dongo letu. Lakini kwa Kijaluo, wang' ni jicho, na wang'e ni jicho lake au macho yake. Dongo nalo ni wingi wa duong', yaani kubwa. Helena basi ni mwenye macho makubwa, na hilo halikuwa tusi bali sifa. Yule msichana alikuwa amekosea maneno mawili kati ya matatu, na bado barua yake ilijibika, kwa kuwa sauti zenyewe zilikuwa zimefika mezani kwangu zikiwa karibu nzima. Angeniandikia tu "wimbo unaomtukana mwanamke", ningekuwa bado natafuta hadi leo, tena nikitafuta tusi ambalo halipo.

Usidhani pia kwamba neno moja latosha. Kijana mmoja alinitumia neno "kendo" na kuniuliza maana yake katika wimbo. Sasa, kendo yaweza kuwa meko ya kupikia. Yaweza kuwa ndoa. Yaweza kuwa "tena". Kijaluo huandikwa kwa irabu tano zilezile tunazozitumia katika Kiswahili, ilhali mdomoni irabu zake ni nyingi zaidi, na sauti kupanda au kushuka hubadilisha neno, jambo ambalo maandishi ya kawaida hayaonyeshi. Mjaluo akiliona neno kama hilo ndani ya sentensi hatatizika, kwa sababu majirani zake yatamwambia ni lipi. Likija peke yake, hata yeye atakuuliza, "Limetoka wapi?"

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa nikueleze yasiyochekesha.

Mwaka mmoja uliopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja anayeishi Mombasa. Baba yake alikuwa Mjaluo wa upande wa Kendu Bay, aliyekwenda pwani kufanya kazi bandarini akaoa huko, na watoto wake wakakua wakisema Kiswahili na lugha ya mama yao. Mzee alipofariki walimrudisha kwao kumzika. Pale matangani, jamaa mmoja aliyekuwa amekunywa kidogo aliwaambia watoto kwamba baba yao aliwahi kuimbwa. Wimbo upo, alisema, na unasimulia jinsi Otieno alivyotoroka deni. Mwimbaji bado yu hai, ni mzee sasa, anaishi ng'ambo ya ghuba.

"Kaka mwandishi," mama huyo alisema, "niambie maana ya wimbo huo. Kaka yangu mkubwa ameapa kwenda kumwona huyo mzee, na si kwa wema." Wimbo wenyewe hakuutuma. Hakuujua hata jina.

Nikamjibu, "Dada, siwezi kukwambia maana ya kitu ambacho hatujakisikia, si mimi wala wewe. Mwombe huyo jamaa akuimbie kwenye simu kipande chochote anachokikumbuka. Halafu wewe na ndugu zako mwandike kila mnachosikia kwa herufi za Kiswahili. Msisahihishe, msitafsiri. Asiyeelewa aandike vilevile, tena huyo ndiye bora, maana hatakuwa na cha kubuni."

Ilichukua wiki mbili. Kilichofika kilikuwa mistari minne iliyoandikwa kama mtoto anavyoandika imla. Nikaichukua hadi kwa mzee mmoja fundi wa redio karibu na soko la Kibuye, ambaye nyuma ya kibanda chake ana masanduku ya santuri ndogo za miaka ya sabini. Ukitaka kujua faida ya santuri hizo, zishike mkononi. Ile karatasi ya duara katikati ina jina la wimbo, jina la bendi, aghalabu jina la mtunzi, na mara nyingi hata lugha. Wimbo mrefu umekatwa vipande viwili, kimoja kila upande. Ukiwa umesikia upande mmoja tu, hujausikia wimbo. Leo wimbo huohuo unapigwa ndani ya matatu ukiwa umenakiliwa mara kumi, na yote yaliyoandikwa kwenye ile karatasi yamepotea njiani.

Nilimsomea mzee ile mistari kwa sauti, nikiisoma kama ilivyoandikwa. Mara mbili alinizuia. Mara ya tatu akaanza kuimba yeye mwenyewe.

"Ninao," akasema. "Lakini nyathina, ni nani aliyekwambia huu ni wimbo wa mtu wa Kendu Bay?"

Tuliusikiliza mara tatu. Jina Otieno limo kweli. Lakini wewe unayejua majina ya Kijaluo waelewa tatizo liko wapi. Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku. Okoth amezaliwa mvua ikinyesha, Ochieng' jua likiwaka, Odhiambo jioni. Usiku huja kila siku, kwa hiyo pwani yote ya ziwa imejaa akina Otieno. Jina peke yake halimtambulishi mtu. Waimbaji walijua hilo, ndiyo maana hawaliachi peke yake. Hufuatisha "wuod", yaani mwana wa, na jina la baba. Kisha huongeza "ja" na mahali atokako mtu, au "nyar" akiwa ni binti wa mahali fulani. Baada ya hapo huja majina ya sifa, yale mtu anayojipa au anayopewa na rafiki zake katika pakruok, pale mchezo unaposimamishwa na mtu akatoa pesa ili ajisifu na kuwasifu wenzake. Maneno hayo matatu au manne yanayofuata jina ndiyo kitambulisho. Ndiyo yale ambayo msikilizaji asiyejua lugha huyaruka, akidhani ni mapambo.

Mzee alirudisha sindano mpaka pale jina linapotajwa. Otieno huyu alikuwa mwana wa mtu mwingine kabisa, na alikuwa ja-Asembo. Asembo iko upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, Kendu Bay upande wa kusini. Kati yao kuna maji.

Na deni je? Deni pia limo. Neno "gowi" linasikika wazi, na gowi ni deni. Lakini limekaa karibu na neno "chulo", ambalo ni kulipa. Mzee alinifafanulia ule ubeti polepole. Mwenye deni ni mwimbaji mwenyewe. Alikuwa amekwama mjini, hana nauli, anadaiwa, ndipo huyu Otieno wa Asembo akaja akamlipia. Wimbo mzima ni wa shukrani. Yule jamaa wa matangani alikuwa amebaki na maneno mawili tu kichwani kwa miaka mingi, Otieno na gowi, akayashona pamoja kwa uzi wake mwenyewe. Neno la kwanza lilikuwa sahihi na la pili pia, lakini hadithi aliyoitoa ilikuwa ya uongo, ingawa naamini hakukusudia.

Nilimpigia dada yule simu nikamweleza. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo baba hakuimbwa?" Sauti yake ilikuwa na kitu kama masikitiko, nami sikuwa nimekitarajia. Nikamwambia katika wimbo huu, la. Kama upo mwingine sijui, wala siwezi kujua mpaka mtu auimbe. Alisema atamwambia kaka yake akae nyumbani.

Huenda utaniuliza, je, nikishapata maneno yote, maana nimeipata? Si lazima. Maneno hukutoa gizani, lakini kuna watunzi ambao walijificha makusudi nyuma ya maneno yao. D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka wa 2006, alikuwa bingwa wa mafumbo hayo. Ana wimbo uitwao "Bim en Bim". Bim ni nyani, kwa hiyo jina la wimbo ni "nyani ni nyani", na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukutafsiria. Lakini waliokuwa wakisikiliza hawakudhani Misiani anafundisha habari za wanyama wa porini. Walijua kuna wakubwa wanaosemwa. Misiani aliwahi kukamatwa kwa sababu ya nyimbo zake, na hakuna polisi anayemkamata mtu kwa kumtaja nyani. Kwa wimbo wa aina hii, pamoja na maneno unahitaji kujua ulitolewa lini na siku zile watu walikuwa wakibishania nini. Hata hivyo, hata hapo lazima uanze na maneno. Mtu akiniandikia kwamba "Misiani aliimba kumhusu waziri fulani" na hana mstari wa kunionyesha, siwezi kumchapishia jibu. Nitakuwa nimelitia jina la waziri mdomoni mwa marehemu.

Basi ukitaka kuniuliza, fanya hivi. Tafuta mahali ambapo jina linatajwa au kiitikio kinarudiwa, kwa kuwa hapo maneno husikika vizuri zaidi. Sikiliza kipande kifupi, simamisha, andika, rudia. Katika benga, sehemu ya mwanzo ndiyo huwa na simulizi, kisha gitaa hushika kasi na aghalabu hapo ndipo majina ya marafiki na wafadhili huitwa mfululizo. Kwa hiyo niambie jina umelisikia wapi, kabla ya gitaa kuchemka au baada yake. Mtu anayetajwa mwanzoni huenda ndiye mwenye kisa. Anayetajwa mwishoni mara nyingi anashukuriwa tu au anasalimiwa. Mistari minne yatosha. Ukiwa na kanda au santuri yenyewe, nakili kila kitu kilichoandikwa juu yake, hata namba.

Sasa nirudi kwa watunzi, maana nao wananidai jibu. Kijana mmoja wa Manyatta, umri wake kama miaka 19, aliniletea habari za wimbo wake mara tatu. Mara ya kwanza alisema ni wimbo wa mapenzi kuhusu msichana anayeuza samaki ufuo wa Dunga. Mara ya pili alisema unafanana na ohangla lakini ni wa Kiswahili. Mara ya tatu alinilaumu, "Kaka, mbona hunipi moyo?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, umenieleza sufuria tu. Nionjeshe mchuzi." Msichana wa Dunga anaweza kutiwa katika wimbo mzuri au mbaya, na kwa maelezo yale nyimbo hizo mbili zinafanana kabisa.

Hatimaye akaandika. Mstari wake wa kwanza ulikuwa huu: "Nilikungoja Dunga hadi jua likazama." Sasa tulikuwa na kitu cha kuzungumzia. Mstari si mbaya, una mahali na una wakati. Tukahesabu mizani. "Nilikungoja Dunga" ina silabi 7, "hadi jua likazama" ina 8. Mshairi wa mapokeo angelalamika hapo, lakini wimbo husamehe, kwani mwimbaji aweza kuvuta "Du" ya Dunga ikachukua nafasi ya silabi mbili.

Tatizo lilikuwa kwingine, nalo lisingeonekana bila maneno kuwa kwenye karatasi na yeye kuimba huku akipiga makofi. Nilimwambia apige mstari chini ya kila silabi ambapo kofi linaanguka. Mistari ikaangukia "ja" ya nilikungoja, "nga" ya Dunga na "di" ya hadi. Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema niliku-NGO-ja, DU-nga, HA-di. Yeye alikuwa akiusukuma mkazo hadi mwisho wa kila neno, na ndiyo maana rafiki zake walimwambia wimbo unasikika kama wa mgeni aliyejifunza lugha juzi, bila kujua kwa nini. Mkazo si jambo dogo. Barabara yenye mkazo kwenye "ba" ni ya kupitisha matatu. Peleka mkazo kwenye "ra" ya kwanza, na umesema jambo limekaa sawasawa.

Nilimshauri asibadilishe neno hata moja, ila aanze kuimba nusu pigo mapema, ili kofi lishuke kwenye "ngo" na "du". Alijaribu palepale, akiwa amesimama mlangoni. Mara ya kwanza aliteleza. Mara ya pili mstari ulikaa, na mtoto wa jirani aliyekuwa akichota maji akaanza kutikisa kichwa.

Ubeti wa pili ameshauleta umeandikwa. Wa tatu alitaka kunieleza kwa mdomo unahusu nini, nami nimemwambia arudi nao kwenye karatasi.